Kwanini nilichagua kutotolesha na sio kufuga

"Baba, mama anasema ulimwandikia barua ndefu ulipopunguzwa kazini, ukamweleza biashara ya vifaranga mpaka akakubali. Ulimwambia nini? Na kwanini hukufuga tu kuku?"

Mwanangu, nilimwandikia manake kwenye simu tungeishia kubishana. Nilianza na chakula. Kuku wa mayai anakula karibu miezi mitano kabla hajataga yai la kwanza, na ile hela ya kupunguzwa haina mshahara mwingine nyuma yake, kwahiyo ingeishia kwenye magunia ya chakula halafu tukabaki tunaangaliana. Yai halili. Mteja analileta, unaliweka kwenye mashine ya kutotolesha, siku ya 21 kifaranga anatoka, mteja anabeba wake, hela imerudi.

Kitu kingine, mama yako anajua nilishinda kiwandani nasoma geji za boila, usiku na mchana. Hii kazi ni hiyohiyo. Joto linakaa nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni, likipanda nyuzi mbili tatu kwa masaa kadhaa vifaranga wanafia ndani, likishuka kidogo wanachelewa tu. Ndo maana nilimwambia thamomita ziwe mbili, ile ya mashine na nyingine ya pembeni, zikipishana ujue moja inadanganya.

Nikampigia hesabu ya mayai 100. Siku ya 7 unazima taa unayamulika na tochi moja moja, lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, lisilo na mbegu linang'aa tupu. Tuseme 12 ni tupu, unayatoa, yanabaki 88. Unaendelea kugeuza angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, hapo unaacha kugeuza na unaongeza maji kwenye sinia, manake hewa ikikauka ngozi ya ndani inamgandia kifaranga, anatoboa tundu anashindwa kutoka. Wakitoka 70 umefanya vizuri. Aliyekuahidi 100 kwa 100 anakuuzia mashine huyo.

Mama yako akauliza, je mteja akileta mayai yake yasipototoka? Swali zuri kuliko yote aliyouliza. Nikamwambia analipia nafasi kwa kila yai, litotoke lisitotoke, na tunamwambia hivo siku anayoleta, la sivyo mayai yasiyo na mbegu ya jogoo wake mzee tutayalipia sisi. Ila yaliyo tupu anaonyeshwa siku ya tochi, akiwepo mwenyewe. Yaliyokaa zaidi ya wiki tangu yatagwe hatupokei, yaliyooshwa pia hapana.

Kilichombakiza na wasiwasi ni umeme, na mimi sikumficha. Ukikatika muda mfupi hufungui mlango, joto linabaki ndani, ukizidi hapo lazima betri iwepo. Akajibu kwa kifupi, betri inunuliwe kabla ya mashine, mashine iwe ndogo, na nusu ya hela isiguswe.