"Njia muhimu" au "njia iliyobana"?

*Swali: Nafundisha usimamizi wa miradi ngazi ya stashahada hapa Iringa. Chati ya Gantt wanafunzi wanaichora vizuri, ila tukifika kwenye kritiko pathi nakwama. Nikisema "njia muhimu" wananitajia kazi zenye gharama kubwa. Mmoja kaandika "njia mahututi". Niseme nini?*

Mahututi tumwachie mgonjwa wodini. "Njia muhimu" ndiyo yenye madhara zaidi, maana inasikika sawa. Muhimu ni neno la kupima thamani: kitu ni muhimu kwa sababu kina faida, au kina gharama, au mkubwa fulani anakitaka. Kritiko pathi haipimi thamani. Ni mlolongo wa kazi zinazosubiriana ambao, ukijumlisha siku zake, unazidi milolongo mingine yote ya mradi. Kazi iliyo ndani yake ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja.

Mimi napendekeza "njia iliyobana". Mafundi wenyewe husema "ratiba imebana" wakimaanisha hakuna siku ya kupoteza, kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi neno geni. Na zile siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kuuchelewesha mradi, ziite "mwanya". Wengi huziita "siku za akiba", lakini akiba ni kitu ulichokiweka kwa makusudi. Mwanya hakuna aliyeuweka. Umejitokeza tu kwa sababu mlolongo mmoja ni mfupi kuliko mwingine.

Mpime mwanafunzi kwa ghala dogo la mbegu za viazi, tuseme linajengwa Uyole. Msingi siku 6. Kuta pamoja na kumwaga lenta siku 8. Kumwagilia lenta na kusubiri zege likomae siku 7. Kupaua siku 4, plasta na sakafu siku 5, kufunga milango siku 1. Kazi hizo zinasubiriana moja baada ya nyingine, na jumla yake ni siku 31. Pembeni, tangu siku ya kwanza, kuna mtu amekwenda kununua mbao Mafinga, siku 5 mpaka zifike, kisha seremala anatengeneza kenchi kwa siku 4. Mchomeleaji naye yuko kwake anatengeneza milango ya chuma, siku 9.

Kenchi zinakuwa tayari mwisho wa siku ya 9, lakini kupaua hakuanzi mpaka zege la lenta likomae, yaani mwisho wa siku ya 21. Hapo pana mwanya wa siku 12. Milango iko tayari mwisho wa siku ya 9, nayo haihitajiki mpaka plasta na sakafu ziishe siku ya 30. Mwanya wake ni siku 21.

Sasa uliza: kusubiri zege likomae ni kazi muhimu? Mwanafunzi wa "njia muhimu" atakwambia hapana, siku zile hakuna anayejenga, ni kijana mmoja tu na ndoo ya maji. Mbao, ambazo zimekula pesa nyingi, ataziweka juu kabisa. Amekosea mara mbili, na neno ndilo lililompoteza. Mwambie "njia iliyobana" uone: zile siku 7 za kumwagilia zimebana, mbao zina mwanya. Wala hahitaji kujua bei ya chochote.

Kuhusu mwanya wa siku 12, kuna kosa ambalo nadhani utalikuta kwenye kila rundo la madaftari. Mwanafunzi huandika mbao zina mwanya wa 12 na kenchi zina mwanya wa 12, kisha anauchukulia kama 24. Mwanya huo ni mmoja, na kazi zote mbili zinaula. Mbao zikichelewa siku 8, seremala amebakiwa na siku 4 tu. Kwa Kiswahili sema "mbao na kenchi zina mwanya mmoja wa siku 12". Ukisema "kila moja ina mwanya wa 12" utakuwa umesema kweli kwa hesabu, lakini msikilizaji ataelewa uongo.

Faida nyingine ya kitenzi "bana" ni kwamba kinachobana kinaweza pia kuachia. Tuseme mvua imeharibu barabara ya shambani na mbao zimechukua siku 20 badala ya 5. Jumlisha upya: mbao 20, kenchi 4, kupaua 4, plasta na sakafu 5, milango 1. Ni siku 34. Njia iliyobana imehama. Sasa inapita kwenye mbao na kenchi, huku msingi, kuta na lenta vikiwa vimeachia kwa mwanya wa siku 3. Kwa "muhimu" sentensi hiyo haisemeki: msingi ulikuwa muhimu Jumatatu, Alhamisi si muhimu tena? Darasa litacheka, na litakuwa na haki. Angalia pia kwamba mbao zilichelewa siku 15 lakini ghala limechelewa siku 3 tu. Siku 12 zilimezwa na mwanya.

Umesema chati wanaichora vizuri. Wasikilize wakiisoma kwa sauti. Jina lenyewe liache hivyo, Gantt ni jina la mtu, mhandisi Mmarekani Henry Gantt, halitafsiriwi. Tatizo liko kwenye kitenzi "kufuata". Kwenye chati, mstari wa milango ya chuma huwa umechorwa chini kabisa, basi mwanafunzi husema "milango inafuata plasta". Inafuata kwenye karatasi au inafuata kwa muda? Kutengeneza milango kulianza siku ya kwanza! Piga marufuku "inafuata", wafundishe "inasubiri". Kupaua kunasubiri lenta na kenchi. Kutengeneza milango hakusubiri chochote. Kufunga milango kunasubiri plasta, sakafu na mchomeleaji. Asiyeweza kusema kazi fulani inasubiri nini, hawezi kuipata njia iliyobana hata chati yake ingekuwa na rangi saba, kwa sababu mistari peke yake inaonyesha lini, haionyeshi kwa nini.

Neno "siku ya 6" nalo lina mtego. Msingi wa siku 6 unaisha jioni ya siku ya 6, kuta zinaanza asubuhi ya siku ya 7. Anayeandika kuta zinaanza "siku ya 6" anapoteza siku moja kila kazi zinapopokezana, na mwisho ghala lake linakamilika siku ya 26 wakati hesabu inasema 31. Tofauti ikiwa sawa na idadi ya mapokezano, hapa ni matano, ujue kosa ni la kuhesabu siku, mpangilio wake hauna shida.

Kwenye mtihani, acha kuuliza "Taja kazi muhimu". Uliza "Mchomeleaji akichelewa siku 10, ghala litachelewa siku ngapi?" Jibu ni sifuri, na bado mwanya wa milango una siku 11.