Vidonda vya pete kwenye ubongo wa mwenye VVU: kwa nini tiba huanza kabla ya jibu la uhakika

"Wadau, mdogo wangu ana VVU na aliacha ARV muda mrefu. Wiki iliyopita kichwa kilianza kumuuma sana, akawa anachanganyikiwa, na sasa mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Kipimo cha kinga, CD4, ni 41. CT imeonyesha vidonda kadhaa kwenye ubongo 'vyenye pete'. Daktari anasema wanamtibu toksoplazma kwa Septrini nyingi, halafu wataangalia ndani ya wiki mbili. Kinyama cha ubongo cha kupima maabara hawajachukua. Si wanabahatisha hawa?"

Pole sana kwa kuuguza. Mimi ni daktari wa wodi ya magonjwa ya ndani, na wagonjwa wa aina hii nimewahudumia kwa miaka mingi. Hapana, hawabahatishi. Wanachofanya kinaitwa jaribio la tiba: unampa mgonjwa dawa ya ugonjwa unaoushuku zaidi, unampima kila siku, na jinsi mwili unavyoitikia ndiyo inakuwa jibu la maabara ambalo huna. Ila jaribio hili lina masharti, na yakivunjwa linaweza kuwadanganya wote, daktari na ndugu. Kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu kidogo, maana wewe unayekaa kando ya kitanda ndiye unayeona mengi.

Kwanza hiyo pete. Kabla ya picha mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha kwenye mshipa. Kwenye ubongo wenye afya dawa hiyo hubaki ndani ya mishipa, kwa sababu kuta za mishipa ya ubongo hazivujishi hovyo. Penye uvimbe mkali kuta hizo huharibika, dawa inavuja, na eneo hilo linang'aa. Katikati ya kidonda nyama imeshakufa, damu haifiki, hivyo panabaki peusi. Ukingo mweupe, katikati peusi: ndiyo pete. Inakuambia kuna kitu kilichokufa katikati na mapambano pembeni. Haikuambii ni nani aliyekiua. Toksoplazma hufanya hivyo, uvimbe wa TB kwenye ubongo hufanya hivyo, jipu la bakteria pia, na saratani ya limfoma ya ubongo kwa watu ambao kinga yao imeanguka. Msomaji picha mwaminifu ataandika magonjwa matatu manne kwenye ripoti na kuishia hapo.

Sasa kwa nini waanze na toksoplazma? Kwa sababu ya hesabu ya uwezekano. Vimelea hivi huingia mwilini kwa nyama isiyoiva, au kwa udongo, maji na mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha paka, mara nyingi miaka mingi kabla ya ugonjwa. Mwenye kinga nzuri hajui hata kama vimeingia. Hujificha kwenye vifuko vidogo ndani ya misuli na ubongo na kukaa humo maisha yote. CD4 ikishuka chini ya 100 vifuko hufunguka na vimelea huanza kuzaliana upya. Kwa hiyo mdogo wako karibu hakika hakuambukizwa juzi, na hakuna sababu ya kumtafuta paka wa kulaumu. Mtu mwenye CD4 chini ya 100, asiyekuwa anakunywa Septrini ya kinga, mwenye kingamwili za IgG za toksoplazma kwenye damu na vidonda zaidi ya kimoja kwenye picha, uwezekano wa kuwa ni toksoplazma unafika kama asilimia 90. Ukiondoa moja ya hayo, hesabu inabadilika. IgG ikiwa hasi, shaka yangu huwa kubwa sana. Ikiwa chanya, inasema tu kwamba vimelea vimo mwilini, na watu wengi wazima wanavyo. Kidonda kikiwa kimoja, kikubwa zaidi ya sentimita nne, kimekaa ukingoni mwa vyumba vya maji ya ubongo, na mgonjwa alikuwa hakosi Septrini yake, hapo mawazo yangu huenda kwenye limfoma.

Kwa upande wa pili kuna gharama ya kusubiri. Kuchukua kinyama ni kutoboa fuvu, na mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo. Toksoplazma isiyotibiwa huua, ilhali ikitibiwa hupungua haraka kuliko karibu kila ugonjwa mwingine kwenye ile orodha. Hiyo kasi ndiyo msingi wa jaribio zima. Ugonjwa unaoitikia polepole hauwezi kuthibitishwa kwa njia hii.

Nikupe mfano wa mgonjwa, nikiwa nimebadilisha mambo madogo asitambulike. Mama wa miaka 34, kilo 50, CD4 ya 38, vidonda vitatu, kikubwa kina sentimita tatu na kimekaa kwenye viini vya kati vya ubongo upande wa kushoto. IgG chanya. Usiku wa kwanza tuliandika hali yake kwa namba: joto 38.6, anaitika jina lake ila hajui yuko wapi, mkono wa kulia nguvu 2 kwa 5, yaani unasogea kitandani lakini hauinuki, mguu 3 kwa 5. Kuandika huku si urasimu. Bila hali ya mwanzo iliyoandikwa, wiki moja baadaye kila mtu atabishana kwa kumbukumbu zake.

Dozi tuliipiga kwa uzito: trimethoprimu miligramu 5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kwake ni miligramu 250. Kidonge cha Septrini cha 480 kina miligramu 80 za trimethoprimu na 400 za sulfa, kwa hiyo ni vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni. Linganisha na dozi ya kinga, ambayo ni vidonge viwili tu kwa siku. Ukisikia "yuko kwenye Septrini", uliza ni ipi. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyeletwa kwa maelezo kwamba toksoplazma imeshindikana, kumbe alikuwa kwenye dozi ya kinga muda wote. Kuna pia mchanganyiko wa pirimethamini na sulfadiazini pamoja na asidi ya foliniki, ambao ndio uliozoeleka tangu zamani kwa ugonjwa huu, lakini sehemu nyingi haupatikani na Septrini kwa dozi kubwa inafanya kazi.

Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano alimtaja mwanawe kwa jina na kuuliza saa. Siku ya nane mkono uliinuka kutoka kitandani. Siku ya kumi na mbili alitembea akishikwa. Picha ya siku ya kumi na nne ilionyesha kile kidonda kikubwa kimebaki chini ya sentimita mbili na maji ya uvimbe kukizunguka yamepungua sana. Pete ilikuwa bado ipo, na ndugu zake walishtuka. Lakini picha huchelewa nyuma ya mwili; tunachotafuta wiki ya pili ni kupungua, kwisha kabisa huchukua wiki au miezi.

Muda huo wa wiki mbili haukuokotwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulifuatilia wagonjwa wa toksoplazma ya ubongo siku kwa siku. Kati ya waliopona kwa dawa, zaidi ya wanane kwa kumi walikuwa na nafuu ya wazi kufikia siku ya 7, na zaidi ya tisa kwa kumi kufikia siku ya 14. Ambao dawa ilishindwa, au ambao kumbe walikuwa na limfoma, walizidi kuwa wabaya mapema, ndani ya takribani siku 12 za mwanzo. Ndiyo maana siku 14 ni kikomo, na si lazima isubiriwe. Anayezidi kulala usingizi mzito siku ya tano haachwi mpaka ya kumi na nne.

Kinachoharibu jaribio kuliko vyote ni deksamethasoni. Dawa hii hupunguza uvimbe wa ubongo wowote ule, chochote kilichousababisha, na limfoma nayo husinyaa ikipewa dawa hii kwa muda. Mgonjwa anaamka, picha inapendeza, wote wanashukuru Septrini. Deksamethasoni ikisimamishwa, anaanguka tena, na wiki tatu za thamani zimekwenda. Kuna wakati ni lazima itolewe, pale ubongo unapobanwa na maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Ikitolewa hivyo, iandikwe, isimamishwe mapema iwezekanavyo, na nafuu ihesabiwe kwa kile kinachobaki baada ya kuiacha. Angalia karatasi ya dawa ya mdogo wako. Ukiiona, muulize daktari sababu yake na ni lini itakoma.

Jambo la pili ni dozi zinazopotea. Mgonjwa aliyechanganyikiwa hutema vidonge au hutapika, na chati inaonyesha amepewa. Kama hamezi vizuri, omba apewe kwa mpira wa puani au kwa mshipa. Kaa macho pia na vipele, vidonda mdomoni na mkojo kupungua, kwa sababu dozi hii huchosha figo, hupandisha potasiamu na hushusha chembe za damu. Vipimo vya damu virudiwe wiki ya kwanza.

Asipopata nafuu, swali linafunguliwa upya. Madaktari watatafuta TB kifuani na kwenye mkojo, watapima damu kwa fangasi wa kriptokokasi kama hawajafanya hivyo, na ikiwa picha inaruhusu watatoa maji ya uti wa mgongo kutafuta vinasaba vya TB, vya toksoplazma na vya kirusi cha EBV kinachoambatana na limfoma. Maji hayo hayatolewi kwa mtu ambaye ubongo wake umesukumwa upande mmoja, kwani presha ikishuka ghafla chini, ubongo unaweza kubonyea kwenye tundu la fuvu. Kinyama ndipo kinapopata nafasi yake, hatari yake ikiwa sasa inalipa.

Na akipata nafuu, dozi kubwa inaendelea kwa wiki sita angalau, hata akiwa anatembea na kula vizuri wiki ya tatu. ARV kwa kawaida hurudishwa wiki ya pili au ya tatu, mara madaktari wakiridhika kwamba hakuna TB au kriptokokasi kwenye ubongo, kwa sababu hayo mawili huhitaji ARV zicheleweshwe zaidi. Kama amepata degedege na anapewa dawa ya kifafa, ulizia inavyopatana na dolutegraviri, moja ya dawa za ARV: kabamazepini, fenitoini na fenobabito huipunguza nguvu. Baada ya wiki sita dozi inashushwa lakini haiachwi, mpaka CD4 ikae juu ya 200 kwa miezi sita akiwa kwenye ARV. Vifuko bado vimo kwenye ubongo na hakuna dawa tuliyonayo inayovimaliza. Kinachovifunga ni kinga yake mwenyewe.