Kujua binti amefika Tanga salama

"Binti yangu anasoma Dar, huja Tanga kwa basi. Nimwekee programu ya kumfuatilia kimyakimya?"

Kimyakimya hapana, dada. Akiigundua ataizima, na hatakuamini tena. Mwombe mwenyewe, basi likitoka Mbezi, akutumie mahali mubashara kwa WhatsApp. Kuna muda wa dakika 15, saa 1 na saa 8, achague 8. Kwa kawaida atakuwa ameshapita Chalinze na Segera na kufika, kisha inajizima yenyewe. Akitaka kuizima mapema, ni haki yake.

Nukta yake kwenye ramani ikiganda, usipige yowe. Angalia ilisasishwa lini: huenda mtandao umekatika, au simu imeingia hali ya kuokoa betri. Chaji ikiwa ndogo, aache mubashara, atume mahali alipo mara moja tu akifika Segera.