Sura nimebadilisha, je, picha iko salama?

Swali: Kijana wa Mji wa Kale anayeacha heroini alikubali nimpige picha barazani kwao. Sikutaka kumtia ukungu usoni maana humfanya mtu aonekane mhalifu, kwa hiyo nikambandika sura iliyoundwa na kompyuta. Naweza kuichapisha picha hiyo?

Jibu: Bado, ndugu yangu. Mgeni hatamjua. Jirani atamjua.

Programu nyingi za kubadilisha sura hugusa sehemu ndogo tu, takriban kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni. Masikio, nywele, shingo na mikono hubaki vilevile. Tena programu hujitahidi kutunza upande anaotazama na tabasamu lake, ili picha isionekane ya bandia. Mtaani watu hujuana kwa mambo hayohayo. Nimeikuza picha yako: kovu mkononi lipo, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ipo, na nyuma yake kuna mlango wa nakshi uliovunjika ubao mmoja. Mlango ule ni anwani kamili.

Programu ya kulinganisha nyuso huenda ikakwambia kwamba hawa ni watu wawili. Usiishie hapo, kwani inapima uso peke yake. Kijana mwenyewe amchague mtu mmoja anayemwamini, umwonyeshe picha bila maelezo, umuulize ni nani. Akilitaja jina, rudi ukapige upya: ukuta mtupu, kofia nyingine, mkono wenye kovu usionekane. Kukata picha hii ili mlango utoke kunasaidia, ila kovu na masikio utabaki nayo.

Kuna mtego mwingine ndani ya faili. Picha ya simu mara nyingi hubeba mahali ilipopigwa, na pia kijipicha kidogo cha ndani. Programu nyingine za kuhariri hazikisasishi, kwa hiyo sura yake halisi inaweza kuwa bado imo. Kitazame kwa programu ya exiftool, kisha ufute yote:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg
exiftool -all= picha.jpg
```

Amri ya pili huacha nakala ya zamani, `picha.jpg_original`, kwenye folda ileile. Nimeshaona mtu akituma folda nzima pamoja na nakala hiyo.

Ukiona sura ya kompyuta haikai vizuri, unaweza kuazima ya mtu aliyeridhia. Lakini aridhie habari yenyewe, si picha tu: mwambie waziwazi kwamba sura yake itasomwa kama ya mtu aliyetumia heroini, na shemeji zake wataiona. Mtafute mbali na Mombasa. Sura ya kompyuta haina wa kuombwa ruhusa, ila inaweza kufanana na kijana fulani wa Kisauni asiyehusika kabisa. Kwa hiyo, vyovyote utakavyofanya, andika chini ya picha kwamba sura imebadilishwa, na usiandike jina la mtaa.