Hotuba ya kuchagua msambazaji wa salfa

"Nimepewa dakika tano kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi, huku Newala. Tunataka msambazaji mmoja wa salfa ya unga ya kupulizia mikorosho. Niwaambie nini wanachama?"

Habari ndugu yangu. Anza na bei, maana ndiyo itakayoleta kelele, lakini igeuze iwe bei ya mfuko ukiwa ghalani kwenu. Mimi ningesema hivi:

"Ndugu wanachama, tuseme wa kwanza anauza mfuko wa kilo 25 kwa shilingi 40,000, tukachukue wenyewe Mtwara mjini. Usafiri na kushusha ni 4,000 kwa kila mfuko. Wa pili anauza 43,000, analeta hadi ghalani. Kwa mifuko 600, wa pili anatuokolea shilingi 600,000.

Lakini bei haitoshi. Ugonjwa wa ubwiri unga, ambao salfa inauzuia, unashambulia machipukizi na maua ya mkorosho, kwa hiyo salfa ikifika maua yameshakauka, msimu umekwenda. Mkataba utaje siku ya mwisho ya kuleta mzigo na kiasi kitakachokatwa kwa kila siku ya kuchelewa. Asiyekubali kifungu hicho, tumwache, hata akiwa na bei nzuri."

Kabla ya kura, omba kila mmoja alete mfuko wa sampuli. Upimeni kwa mizani mbele ya wanachama, someni namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kisha ufungueni. Salfa iliyoingia unyevu ina mabonge, na mashine ya kupulizia haiirushi vizuri. Mfuko ulioshinda utunzeni ofisini, mlinganishe na mzigo ukifika. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kamati ya mapokezi kusaini.