Kalenda ya mwezi kwa mshonaji wa Kadutu

"Ninashona vitenge Kadutu. Niposti nini kwenye ukurasa wangu wa Facebook na siku gani, mwezi mzima?"

Mama, posti tatu kwa wiki zinatosha. Kama nguo inakuchukua siku tatu, modeli mpya iende Jumatatu, na bei ya kushona na yadi zinazohitajika. Ukiiweka Ijumaa, mtu ataitaka kwa ibada ya Jumapili na utashindwa. Jumatano onyesha kazi kwa karibu: pindo, zipu, namna maua ya kitenge yanavyokutana kwenye mshono. Jumapili jioni, mteja aliyevaa, kwa ruhusa yake. Wiki ya 1 nguo za kanisa, ya 2 mashati ya wanaume, ya 3 watoto, ya 4 harusi. Hizo ni picha 12: nane piga mapema, asubuhi, karibu na mlango, nne za wateja, wanapokuja kuchukua nguo.

— Mimi naposti kila siku, wateja wanaongezeka.

— Kwenye statusi ya WhatsApp sawa, inapotea baada ya saa 24. Lakini kwenye ukurasa wa Facebook picha zinabaki; ukiposti kila siku, watu wanachoka.

— Na mimi ninayeuza samaki?

— Samaki hawangoji kalenda. Posti unapowapokea, futa wakiisha.