"Sawa..." ya shangazi

"Nimemwandikia shangazi kuwa harusi tumeihamisha kutoka Lamu hadi Malindi. Kajibu 'Sawa...' tu. Kakasirika?"

Salaam dadangu. Kwanza zirudie meseji zake za zamani. Mama yangu huweka nukta hata kwenye "Nimefika Shela...", kwake ni kituo cha kupumua tu. Lakini kama shangazi huandika "Sawa mwanangu" bila nukta, na hizi zimekuja kwenye habari ya harusi pekee, basi kuna neno amelimeza. Mimi niliwahi kuzipuuza. Mjomba aliandika "Haya, kama mmeshaamua...", nikamshukuru, nikaendelea. Kumbe alishalipia boti ya wageni. Usimuulize kama amekasirika, atakataa. Mpigie, mwambie, "Shangazi, naona hukumaliza." Kisha nyamaza, umwache amalizie.